Jinsi ya kutegua maswali ya undugu yaliyofichwa kwa alama

Swali lenyewe huja hivi. Kwanza unapewa ufunguo: A + B maana yake A ni mama wa B, A − B maana yake A ni kaka wa B, na alama nyingine kadhaa za namna hiyo. Halafu unapewa mnyororo wa herufi, tuseme P + Q − R × S, kisha unaulizwa: P ni nani wa S? Hapo hakuna cha kujumlisha wala kuzidisha. Kila alama imepewa undugu fulani, na kazi yako ni kuupanga ukoo mzima kutokana na mstari huo mmoja.

Maswali haya yameshamiri zaidi India, kwenye mitihani ya kuajiri watumishi wa serikali na wa mabenki. Yamo katika mitihani ya SSC, tume inayoajiri kwa ajili ya wizara na idara za serikali kuu ya India, na katika ile ya IBPS, taasisi inayosimamia mitihani ya ajira za benki. Mtu wa Afrika Mashariki hukutana nayo anapotafuta mtandaoni mazoezi ya mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri, kwa sababu sehemu kubwa ya mazoezi yanayopatikana huko imetungwa na Wahindi. Katika mfumo wa miaka ya karibuni, hatua ya awali ya mtihani wa maofisa wa benki wa IBPS humpa mtahiniwa maswali 35 ya mantiki kwa dakika 20, na jibu moja la kosa hukatwa robo ya maksi za swali hilo. Kwa hiyo una kama nusu dakika kwa swali, na kubahatisha kuna gharama. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu mmoja usiobadilika. Ukichora vilevile kila mara, mkono unazoea na akili inabaki huru kushughulikia mitego.

Katika mwongozo huu nitatumia ufunguo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Unakili kwenye karatasi kabla hujaendelea:

```
A + B   A ni mama wa B
A × B   A ni baba wa B
A − B   A ni kaka wa B
A ÷ B   A ni dada wa B
A @ B   A ni mke wa B
A # B   A ni mtoto wa kiume wa B
A % B   A ni binti wa B
```

Hatua ya kwanza: usome ufunguo kabla ya mnyororo

Angalia nani ametajwa kwanza katika sentensi ya ufunguo. Hapa A ndiye mwenye cheo: A ni mama *wa* B. Watungaji wengine hugeuza, wakasema A + B maana yake B ni mama wa A. Ukisoma kwa mazoea ya swali lililopita, ukoo wote unapinduka, bibi anakuwa mjukuu, na ubaya wake ni kwamba jibu lako la makosa huwa limewekwa makusudi miongoni mwa machaguo likikusubiri. Kwa hiyo tumia sekunde tatu kuhakikisha kila alama inaelekea upande gani. Si lazima alama zote za ufunguo mmoja zielekee upande mmoja.

Baada ya hapo, jiulize kila alama inakupa habari gani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiandika A + B, umejua mambo mawili. Umejua kwamba A ni mwanamke, kwa kuwa hakuna mama mwanamume, na umejua kwamba A yuko kizazi kimoja juu ya B. Kuhusu jinsia ya B hujaambiwa neno lolote. B anaweza kuwa mvulana au msichana. Hivyo hivyo kwa A − B: A ni mwanamume, na wote wawili wako kizazi kimoja, lakini B anaweza kuwa kaka mwenzake au dada yake. Alama inamfichua aliye kushoto na kumwacha wa kulia gizani. Katika ufunguo wetu alama moja tu inafichua jinsia za wote wawili, nayo ni @, maana mwenye mke ni mume.

Matokeo yake ni kwamba mtu wa katikati ya mnyororo hujulikana jinsia kutokana na alama iliyo *kulia kwake*, ambapo yeye anakuwa wa kushoto. Mtu wa mwisho kabisa hana alama kulia kwake, hivyo mara nyingi jinsia yake haijulikani. Mtego mkubwa kuliko yote katika maswali haya umewekwa kwa mtu huyo wa mwisho.

Hatua ya pili: chora, usitafsiri kwa maneno

Watu wengi huandika: "P ni mama wa Q, Q ni kaka wa R, R ni baba wa S", kisha wanaisoma sentensi hiyo mara nne wakitafuta jibu. Sentensi haikusaidii kuona vizazi. Mchoro unaonyesha mara moja.

Kanuni za mchoro ni chache. Kila kizazi kiwe na mstari wake: wazazi juu, watoto chini. Mtu na mzazi wake waunganishe kwa mstari wa wima. Ndugu waunganishe kwa kistari cha mlalo, na mke na mume kwa alama ya sawasawa. Kando ya kila herufi andika *me* au *ke*, kama tunavyojaza kwenye fomu, na pale usipojua weka alama ya kuuliza. Hiyo alama ya kuuliza usiiache hata ukiwa na haraka, kwa maana ndiyo itakayokulinda mwishoni. Wengine huweka jumlisha kwa mwanamume na toa kwa mwanamke. Mimi siipendi njia hiyo hapa, kwa sababu alama hizohizo zimo ndani ya swali na macho yatachanganyikiwa.

Tuchukue P + Q − R × S. Anza kushoto. P ni mama wa Q: weka P (ke) juu, Q chini yake. Q ni kaka wa R: Q sasa ni *me*, R yuko kando yake. R ni baba wa S: R ni *me*, S yuko chini yake.

```
P (ke)
  |
Q (me) --- R (me)
             |
           S (?)
```

Q na R ni ndugu, kwa hiyo P ni mama wa R pia, ingawa mnyororo haukulitamka hilo. R ni baba wa S. Basi P ni mama wa baba yake S, yaani bibi mzaa baba.

Sasa geuza swali: S ni nani wa P? Kwa Kiswahili utajibu "mjukuu" na utakuwa sahihi. Lakini mitihani hii huandikwa kwa Kiingereza na Kihindi, na katika Kiingereza machaguo hutenganisha mjukuu wa kiume na mjukuu wa kike. S ana alama ya kuuliza. Jibu ni lile chaguo linalosema kwamba haiwezi kujulikana. Mnyororo haukubadilika hata herufi moja, swali limegeuzwa tu, na jibu lenye uhakika limegeuka kuwa lisilojulikana.

Ili usikosee upande wa swali, andika sentensi yenye pengo kabla ya kujibu: "P ni ____ wa S." Wanaouliza "P ana uhusiano gani na S?" wanataka cheo cha P mbele ya S, si kinyume chake.

Hatua ya tatu: jinsia inayopatikana bila kutajwa

Kuna makubaliano ambayo watungaji hawayaandiki lakini wanayategemea. Kila herufi ni mtu tofauti. Ndugu wana baba mmoja na mama mmoja. Mtoto ana wazazi wawili, mwanamume na mwanamke, nao ni mke na mume. Mke wa baba ndiye mama. Katika familia zetu halisi wapo wake wenza, mama wa kambo, na watoto wa baba mmoja waliozaliwa na mama tofauti, na mtu aliyekulia nyumba ya namna hiyo anaweza kusita kwa haki kabisa: mbona hajaambiwa kwamba huyu mke ndiye aliyezaa? Ndani ya swali hili usisite. Ukoo wa mtihani ni mwembamba kuliko ukoo wa mtaani.

Makubaliano hayo yanakupa jinsia za bure. Tazama A + B % C. A ni mama wa B. B ni binti wa C. C yuko mwisho wa mnyororo, hana alama kulia kwake, na mwanafunzi aliyeelewa somo la kwanza ataharakisha kumwekea alama ya kuuliza. Lakini C ni mzazi wa B, na mama wa B ameshajulikana kuwa ni A. Aliyebaki ni baba. C ni *me*, tena ni mume wa A. Kwa hiyo, kabla ya kuiacha alama ya kuuliza, jiulize swali moja: je, mtu huyu ana mwenza anayejulikana? Kama mwenza yupo, alama ya kuuliza inafutika.

Linganisha na A − B % C. A ni kaka wa B, B ni binti wa C. C ni mzazi wa wote wawili, lakini hatujui ni baba au mama, kwa sababu mzazi mwingine hajatajwa. Hapa alama ya kuuliza inabaki.

Hatua ya nne: mnyororo mrefu wenye nyumba mbili

Mnyororo unaowatoa watu jasho ni ule unaovuka kutoka familia moja kwenda nyingine kwa ndoa. Huu hapa:

```
W − V @ U # T + S ÷ R
```

Tembea nao pole pole. W ni kaka wa V, basi W ni *me*. V ni mke wa U, basi V ni *ke* na U ni *me*. U ni mtoto wa kiume wa T, hivyo T anapanda juu. T ni mama wa S, basi T ni *ke*, na S anashuka chini kwenye mstari wa U. S ni dada wa R, basi S ni *ke*, na R yuko kando yake bila jinsia.

```
                        T (ke)
                          |
W (me) --- V (ke) === U (me) --- S (ke) --- R (?)
```

Mchoro huu mmoja unaweza kuzaa maswali mengi, na mtungaji wa IBPS hupenda kufanya hivyo: anatoa ufunguo mmoja na maswali kadhaa mfululizo.

T ni nani wa V? T ni mama wa mume wake, kwa hiyo ni mama mkwe. V ni nani wa T? Mke wa mtoto wake, yaani mkamwana. W ni nani wa U? Kaka wa mke wake, yaani shemeji. R ni nani wa T? Ni mtoto, lakini haijulikani kama ni wa kiume au binti. Wanawake wa hakika ni wangapi? V, T na S, watatu. Ukiulizwa wanawake *wanaweza* kuwa wangapi kwa wingi zaidi, jibu ni wanne, kwa kuwa R anaweza kuwa mwanamke. Neno "hakika" na neno "wanaweza" ni maswali mawili tofauti.

Sasa swali la mwisho: V ni nani wa R? Hapa Kiswahili chetu kinaweza kukuponza. V ni mke wa kaka wa R. Kama R ni mwanamume, atamwita V shemeji. Kama R ni mwanamke, atamwita wifi. Kwa kuwa R hajulikani jinsia, ukifikiri kwa Kiswahili utasema haiwezi kujulikana. Lakini kwa Kiingereza cha mtihani, shemeji wa kike na wifi ni neno moja, na neno hilo linaangalia jinsia ya V peke yake. V ni mwanamke, basi jibu lipo. Kanuni ya mtihani ni hii: cheo hufuata jinsia ya *anayetajwa*, si ya anayemtaja. Katika "V ni ____ wa R", chunguza jinsia ya V. Kama V ana *me* au *ke*, una jibu. Kama ana alama ya kuuliza, huna.

Tofauti nyingine ya namna hiyo ni kwa watoto wa baba mdogo na wa mama mkubwa. Nyumbani tunawaita kaka na dada bila kufikiri mara mbili, na baba mdogo tunamheshimu kama baba. Ufunguo wa mtihani haukubali hilo. Kaka ni yule mliyetoka kwa wazazi walewale, na mtoto wa baba mdogo ni binamu. Upande wa pili, mitihani ya Kiingereza huwaweka mjomba, baba mkubwa na baba mdogo chini ya neno moja, isipokuwa pale wanapotaja wazi kuwa ni wa upande wa mama au wa baba. Ushauri wangu ni kwamba utumie majina yetu kwenye mchoro, kwa sababu yanatenganisha vizuri zaidi, kisha mwishoni utafute chaguo linalolingana nayo.

Hatua ya tano: swali linapogeuzwa

Aina ya pili ya swali haikupi mnyororo mmoja. Inakupa cheo, kisha inakupa minyororo mitano uchague unaokionyesha. Kuchora yote mitano kutakumalizia muda. Hapa inafaa kuchuja kwanza, na chujio bora ni hesabu ya vizazi.

Pitia mnyororo kutoka kushoto. Alama + na × zinamshusha mtu anayefuata ngazi moja. Alama # na % zinampandisha ngazi moja. Alama −, ÷ na @ zinambakiza palepale. Ukifika mwisho utajua yule wa mwisho yuko ngazi ngapi chini au juu ya yule wa kwanza, bila kuchora chochote.

Swali: ni upi kati ya hii unaonyesha kwa hakika kwamba H ni mjomba wa N?

```
(a)  H − J × N
(b)  H × J + N
(c)  N % J ÷ H
(d)  H ÷ J + N
(e)  H − J @ L × N
```

Mjomba ni kaka wa mama. Basi tunahitaji vitu vitatu: H awe ngazi moja juu ya N, H awe mwanamume, na uhusiano upitie kwa mama.

Anza na ngazi. Katika (b) tunashuka mara mbili, × halafu +, kwa hiyo H yuko ngazi mbili juu ya N. Huyo ni babu mzaa mama. Nje. Mingine yote minne inatoa ngazi moja, hata (c), ambapo N anapanda kwa % kufika kwa J, na J yuko sawa na H.

Jinsia ya H. Katika (d) H ana alama ya ÷ kulia kwake, kwa hiyo ni dada wa mtu. Huyo ni mama mdogo au mama mkubwa. Nje. Katika (c) H yuko mwisho, hana alama kulia wala mwenza. J ni dada wa H, lakini H anaweza kuwa kaka au dada wa J. Inawezekana H ni mjomba, ila haina hakika, na swali limesema kwa hakika. Nje.

Zimebaki (a) na (e). Katika (a) J ana alama ya × kulia kwake, yeye ni baba wa N. H ni kaka wa baba, yaani baba mdogo au baba mkubwa. Nje. Katika (e) H ni kaka wa J, J ni mke wa L, L ni baba wa N. Mke wa baba ndiye mama, kwa makubaliano yale ya hatua ya tatu, hivyo J ni mama wa N na H ni mjomba. Jibu ni (e), ingawa alama ya mama haimo ndani yake hata mara moja. Mtungaji aliiweka + kwenye (b) na (d) ili kumvuta mtu anayesoma cheo "mjomba" akakimbilia popote alipoiona alama ya mama.

Tazama tena (c). Kama mtungaji angeongeza kipande kidogo mwishoni, ikawa N % J ÷ H − T, jibu lingegeuka. Sasa H ana alama ya − kulia kwake, amekuwa kaka wa T, kwa hiyo ni mwanamume, na mnyororo ungeonyesha kwa hakika kwamba yeye ni mjomba wa N. T mwenyewe hana maana yoyote katika swali. Amewekwa pale ili kumpa H jinsia tu. Ukiona herufi ya ziada ambayo haiulizwi, usiipuuze kabla hujaangalia inamfanyia kazi gani jirani yake wa kushoto.

Kuna aina ya tatu, ya kujaza pengo, nayo ni rahisi ukishazijua hizi mbili. Mathalani: weka alama ipi kati ya E na F katika D + E ? F ili D awe mama mkwe wa F? D ni mama wa E. Ili awe mama mkwe wa F, E lazima awe mke au mume wa F. Ufunguo wetu una alama ya mke peke yake. Basi ni @.

Unavyojua kwamba umekosea

Mchoro wenye kosa hujionyesha. Mtu mmoja akipata *me* na *ke* kwa wakati mmoja, kuna alama umeisoma kinyume, na mara nyingi ni # au %, kwa kuwa hizo mbili zinapanda wakati mkono umezoea kushuka. Mtoto akipata mama wawili, vilevile. Na kama hesabu ya ngazi inasema H yuko juu ya N kwa moja, lakini mchoro unaonyesha wako sawa, rudi kwenye mchoro, usirudi kwenye hesabu, maana hesabu ina nafasi chache za kukosea.

Kosa jingine halionekani kwenye mchoro: kuchagua "haiwezi kujulikana" kila penye alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza inadhuru pale tu inapokuwa juu ya mtu anayetajwa cheo chake, au juu ya mtu wa njiani anayeamua ni upande wa baba au wa mama. Kama iko kwa mtu mwingine, achana nayo.

Haya matatu ujaribu kwa ufunguo uleule kabla ya kusoma majibu yake.

```
1.  B ÷ C # D @ E     E ni nani wa B?
2.  F × G + H − J     J ni nani wa F?
3.  K @ L − M % N     K ni nani wa N?
```

La kwanza: B ni dada wa C, C ni mtoto wa kiume wa D, D ni mke wa E. D ni mama wa B na C, na E ni mume wake, basi E ni baba wa B. E yuko mwisho wa mnyororo, lakini @ imempa jinsia.

La pili: F ni baba wa G, G ni mama wa H, H ni kaka wa J. J ni mtoto wa G kama H, basi ni mjukuu wa F kwa binti yake. Ukiulizwa kama ni mjukuu wa kiume au wa kike, haiwezi kujulikana.

La tatu: K ni mke wa L, L ni kaka wa M, M ni binti wa N. N ni mzazi wa L na M, na hatujui ni baba au mama. K ni mke wa mtoto wake, basi K ni mkamwana wa N, na jibu hilo lina uhakika kamili kwa sababu anayetajwa ni K, na K ni *ke*. Geuza swali uulize N ni nani wa K, na alama ya kuuliza iliyo juu ya N inakuzuia: ni baba mkwe au mama mkwe, na mnyororo hausemi yupi.